Jedwali la ukurasa mmoja la antibiotiki za kinga thieta: namna ya kulitengeneza

Atakayesoma jedwali hili ni afisa wa usingizi aliyeshika bomba la sindano, mgonjwa yuko mezani, na daktari ananawa mikono. Ana maswali manne tu: dawa gani, kiasi gani, nimpe sasa au nisubiri, na nitarudia lini. Miongozo mikubwa inayajibu yote, lakini jibu la kwanza liko sura moja, la pili liko kwenye kiambatisho, na la nne limefichwa chini ya jedwali jingine kwa herufi ndogo. Kazi yako ni kuyaleta yote kwenye mstari mmoja unaosomeka kwa nusu dakika.

Jedwali nyingi nilizoziona kwenye kuta za thieta zinaharibika kwenye safu ya mwisho. Mtengenezaji hupanga kila kitu kwa aina ya operesheni, kisha huandika kanuni ya kurudia kana kwamba nayo ni mali ya operesheni. Sivyo. Operesheni ndiyo inayochagua dawa, lakini kurudia kunafuata dawa. Ukilishika hilo tangu mwanzo, hatua zinazofuata zitakuwa nyepesi.

Hatua ya 1: Kusanya vyanzo, kisha nenda stoo

Weka mezani Mwongozo wa Tiba wa Uganda wa Wizara ya Afya, toleo la 2023. Pembeni yake weka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji, wa mwaka 2016 uliohaririwa 2018. Kwa dozi na muda wa kurudia, ule wa vyama vya Kimarekani vya wafamasia na wataalamu wa maambukizi, wa mwaka 2013, ndio unaoeleza kwa undani zaidi, na hata hospitali za huku hurejea huko wanapokwama.

Sasa funga vitabu uende stoo. Angalia ni nini kimeletwa na NMS, bohari ya dawa ya taifa, miezi ya karibuni, chupa zina gramu ngapi, na nini huisha kabla ya awamu inayofuata. Hospitali nyingi zetu zina seftriaksoni tele na sefazolini ya kubahatisha. Jedwali linalotaja dawa isiyokuwepo hugeuka pambo la ukutani ndani ya wiki moja, na watu hurudi kwenye mazoea. Kwa hiyo kila dawa ya kwanza iwe na dawa ya pili iliyothibitishwa kuwa ipo.

Vyanzo havitakubaliana kila mahali. Ngiri ni mfano mzuri. Mgonjwa akiwekewa wavu, mpe dawa. Asipowekewa wavu, Wamarekani bado wanatoa, wengine wanasema mtu mwenye afya njema hahitaji. Usijaribu kumaliza ubishi huo peke yako usiku ukiwa na kompyuta. Upeleke kwenye kamati ya dawa na tiba ya hospitali, waangalie vidonda vyao wenyewe vinavyotoa usaha ni vingi kiasi gani, waamue, na uandike tarehe ya uamuzi. Na usidhani wavu ni anasa ya Kampala: utafiti uliofanyika Uganda na kuchapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wavu wa bei nafuu wa kitambaa cha chandarua hufanya kazi sawa na ule wa kiwandani.

Hatua ya 2: Ondoa kila kitu ambacho si kinga

Kinga ni dawa anayopewa mtu ambaye bado hana maambukizi mahali panapokatwa. Kidole tumbo kilichopasuka si kinga. Jipu si kinga. Utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, balaa ambalo Kasese waliliona kwa wingi mwaka 2008 na 2009, si kinga. Mama mwenye homa ambaye maji yake yamepasuka siku nzima na yananuka, naye si wa kinga. Wengi wao wanahitaji dawa kabla ya kisu, lakini dawa yao ni ya tiba, itaendelea kwa siku kadhaa, na ina karatasi yake.

Usipowatenga, jambo moja hutokea bila kukosa: mtu ataona mgonjwa wa utumbo uliotoboka akiendelea na sindano siku tano, atahitimisha kuwa wagonjwa wote wa tumbo huendelea siku tano, na mwenye ngiri safi naye ataendelea siku tano. Andika sentensi moja chini ya jedwali inayowaelekeza kwenye karatasi ya tiba, basi.

Hatua ya 3: Panga mistari kwa kundi

Ukifuata orodha ya operesheni kwenye daftari la thieta utapata mistari arobaini, na mingi itarudia maneno yaleyale. Jiulize badala yake: kisu kinapita kwenye ngozi tu, au kinaingia mahali penye vijidudu vya utumbo? Operesheni za ngozi na mfupa zinahitaji dawa inayoua stafilokokasi, na sefazolini inatosha. Zinazoingia utumbo mpana na kidole tumbo zinahitaji kuongezewa metronidazoli kwa ajili ya vijidudu visivyotaka hewa. Kwa swali hilo moja mistari arobaini hupungua hadi kama saba.

Upasuaji wa kujifungua upe mstari wake na uuweke juu kabisa, hata kama dawa yake ni ileile ya kutoa kizazi. Ndiyo operesheni inayofanyika usiku na mchana, kuanzia kituo cha afya daraja la nne hadi hospitali ya rufaa, na mtu aliyechoka asilazimike kuutafuta.

Mstari mmoja watu husahau: ule unaosema hakuna dawa. Goita, uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na operesheni nyingine ndogo safi zisizoacha kitu mwilini. Ukiziacha nje, msomaji atadhani umesahau, na atatoa seftriaksoni ili alale salama.

Hatua ya 4: Dozi iwe ya chupa

Kitabu kinasema gramu 2. Mkono unashika chupa ya gramu 1. Andika yote mawili: gramu 2, yaani chupa 2 za gramu 1. Mgonjwa wa kilo 120 au zaidi hupewa gramu 3 za sefazolini.

Majina ya dawa hizi yanafanana hadi yanakera. Sefazolini, sefotaksimu, sefuroksimu na seftriaksoni zote ni unga mweupe ndani ya chupa ndogo zilizopangwa rafu moja. Kwenye nakala ya ukutani andika jina kama lilivyochapishwa kwenye lebo ya chupa, herufi kwa herufi, bila kifupisho. Kifupisho kama “sefa” kinaweza kuwa dawa mbili tofauti kwa watu wawili.

Watoto wapewe karatasi yao. Sefazolini yao ni miligramu 30 kwa kila kilo, bila kupita gramu 2. Ukibana hesabu ya kilo ndani ya seli moja na dozi ya mtu mzima, siku moja mtu atasoma upande usiofaa.

Hatua ya 5: Safu ya muda

Hapa vyanzo vinatofautiana tena, lakini tofauti ni ndogo kuliko inavyoonekana. Shirika la Afya Duniani linaruhusu hadi dakika 120 kabla ya kukata, kwa sharti la kuzingatia dawa inakaa damuni muda gani. Wamarekani wanasema dakika 60, na orodha ya usalama wa upasuaji inayosomwa kwa sauti thieta inauliza dakika 60 hizohizo. Kwa dawa zinazoondoka upesi, kama sefazolini na ampisilini, andika 60. Vankomaisini na siprofloksasini za mshipa huingia polepole na huanzishwa ndani ya dakika 120. Kama hospitali yako inazitumia, zipe mstari wao.

Metronidazoli ina mtego wake. Huja kwenye mfuko wa mililita 100 wenye miligramu 500, na dripu yake huchukua dakika 20 hadi 30. Ukiifungua daktari anaposhika kisu, nusu ya dawa bado iko kwenye mfuko wakati utumbo umeshafunguliwa. Safu ya muda isiseme kabla ya kukata tu. Iseme dripu iwe imekwisha kabla ya kukata.

Kwa mfupa, kama mguu utafungwa mpira wa kubana damu, dawa yote iwe imeingia kabla ya mpira kujazwa hewa. Baada ya hapo damu haifiki, na dawa nayo haifiki.

Kwa mama anayejifungua, sindano hutangulia kisu. Zamani tulifundishwa kusubiri kitovu kibanwe ili dawa isimfikie mtoto. Miongozo imeliacha hilo kwa sababu mama hulindwa vizuri zaidi akipata dawa kabla. Binafsi napenda iingie dakika chache kabla ya sindano ya mgongo. Presha hushuka baada ya ganzi ya mgongo, na hushuka pia mtu akikataliwa na dawa. Ukivitoa pamoja hutajua unapambana na nini.

Hatua ya 6: Safu ya kurudia

Hesabu huanza dakika sindano ilipoingia, si dakika ya kukata. Kanuni yenyewe ni rahisi: dawa hurudiwa ikiwa operesheni bado inaendelea baada ya muda unaokaribia mara mbili ya ule ambao kiwango chake damuni hushuka nusu. Sefazolini hurudiwa baada ya saa nne. Ampisilini baada ya saa mbili. Klindamaisini baada ya saa sita. Seftriaksoni, metronidazoli na jentamaisini hazirudiwi kwa sababu ya muda katika operesheni za kawaida: mbili za kwanza hukaa, na jentamaisini hutolewa dozi moja kubwa tu.

Sababu ya pili ya kurudia ni damu. Mtu mzima akipoteza zaidi ya mililita 1500, dawa imetoka nayo, na dripu zilizojazwa zimeizimua iliyobaki. Hapo dozi nzima hurudiwa bila kungoja saa. Ambaye figo zake hazifanyi kazi ni tofauti: dawa haitoki upesi, kwa hiyo kurudia kwa saa kunaweza kusihitajike. Huyo aulizwe daktari wake.

Na ngozi ikishashonwa, kinga imekwisha. Andika hivyo kwenye jedwali kwa maneno yasiyo na shaka, maana wodini ndiko siku tano zinakozaliwa.

Sasa dawa ya pili. Mtu mvivu angeandika kwenye seli ya dawa: sefazolini au ampisilini. Kisha safu ya kurudia ingesema saa nne, na aliyetoa ampisilini angesubiri mara mbili ya muda unaotakiwa. Ndiyo maana kila dawa ya pili lazima ipate mstari wake kamili.

Jedwali lenyewe, mtu mzima

| Operesheni | Dawa | Dozi | Lini | Kurudia operesheni ikiendelea |
|---|---|---|---|---|
| Upasuaji wa kujifungua | Sefazolini | Gramu 2 (chupa 2 za gramu 1). Kilo 120 na zaidi gramu 3 | Isizidi dakika 60 kabla ya kukata | Saa nne tangu sindano, au damu zaidi ya mililita 1500 |
| Upasuaji wa kujifungua, sefazolini haipo | Ampisilini | Gramu 2 | Kama juu | Saa mbili tangu sindano, au damu zaidi ya mililita 1500 |
| Kutoa kizazi | Sefazolini | Gramu 2. Kilo 120 na zaidi gramu 3 | Kama juu | Saa nne, au damu |
| Mfupa wenye kuwekwa chuma; ngiri yenye wavu | Sefazolini | Gramu 2; kilo 120 na zaidi gramu 3 | Kama juu; iishe kabla mpira haujajazwa | Saa nne, au damu |
| Utumbo mpana. Kidole tumbo kisichopasuka | Sefazolini na metronidazoli | Gramu 2 (kilo 120 na zaidi gramu 3) na miligramu 500 | Sefazolini ndani ya dakika 60. Dripu ya metronidazoli iwe imekwisha | Sefazolini saa nne. Metronidazoli hairudiwi kwa saa. Damu: zote |
| Utumbo mpana. Kidole tumbo kisichopasuka, sefazolini haipo | Seftriaksoni na metronidazoli | Gramu 2 na miligramu 500 | Kama juu | Hazirudiwi kwa saa. Damu: zote |
| Aliyewahi kuvimba koo, kuishiwa pumzi au kuzirai kwa penisilini | Klindamaisini na jentamaisini | Miligramu 900 na miligramu 5 kwa kilo | Ndani ya dakika 60 | Klindamaisini saa sita; jentamaisini hairudiwi |
| Goita, uvimbe wa mafuta, operesheni ndogo safi | Hakuna | | | |

Chini yake sentensi mbili: “Ngozi ikishonwa, hakuna dozi nyingine.” Na: “Usaha, utumbo uliotoboka au homa ya uzazi ni tiba, tazama karatasi ya tiba.”

Mstari wa penisilini utazame kwa makini. Wengi wanaosema penisilini hainipendi waliharisha tu au walipata upele utotoni, na hao hupewa sefazolini. Hata kwa wenye mzio wa kweli, mnyororo wa pembeni wa molekuli ya sefazolini haufanani na wa penisilini, na hospitali nyingine huitoa kwa wengi wao. Kamati yako ikikubali hivyo, punguza mstari huu. Anayebaki nje bila mjadala ni yule ambaye ngozi yake iliwahi kubabuka kwa dawa za jamii hii. Thibitisha pia kuwa klindamaisini ya sindano ipo, maana stoo nyingi zina ya vidonge pekee.

Lijaribu kwa mgonjwa mmoja kabla ya kulibandika

Mchukue mama wa kilo 74 anayepelekwa kujifungua kwa kisu. Sefazolini gramu 2 inaingia saa 21:10. Kabla hajafika mezani, analetwa mwingine anayetoka damu, na meza ni moja. Mama wa kwanza anakatwa saa 22:20, dakika 70 tangu sindano. Je, apewe tena?

Jedwali linasema dakika 60, na msomaji mwaminifu atakwama hapo. Lakini sefazolini hushuka nusu kwa muda unaokaribia saa mbili, kwa hiyo dakika 70 bado iko juu, na mwongozo wa dunia unaruhusu 120. Pendekezo langu kwa kamati: kisu kikichelewa, ruhusu nusu ya muda wa kurudia. Sefazolini isubiriwe hadi dakika 120, ampisilini hadi 60. Ikipita hapo, dozi mpya kamili, na hesabu ianze upya. Huyu mama hapewi tena. Angekuwa amepewa ampisilini, angepewa.

Mtoto anatoka salama, kizazi hakikazi. Saa 23:15 damu iliyopimwa kwenye chupa na vitambaa ni mililita 1800, na daktari anaamua kutoa kizazi. Kwa saa, kurudia kungekuwa 01:10. Kwa damu, ni sasa: gramu 2 nyingine, na hesabu mpya inaishia 03:15. Ngozi inashonwa 00:50. Hakuna dozi ya tatu, na hakuna ya wodini. Akipata homa siku ya tatu, atachunguzwa na kutibiwa kama mgonjwa mwenye maambukizi. Hiyo ni amri mpya ya tiba, si mwendelezo wa kinga.

Umeona kuwa hesabu yote imesimama juu ya saa iliyoandikwa. Kwenye karatasi ya usingizi iwepo nafasi ya saa ya sindano na saa ya kisu, zote kwa mtindo wa saa 24. Huku kwetu saa tatu ya mmoja ni saa tisa ya mwingine, na jedwali zuri haliwezi kuokoa hilo.

Baada ya hapo mpe mtu ambaye hakushiriki kulitengeneza, tena usiku. Kaa kimya, uliza tu: “Sista, samahani, mama wa kujifungua yuko mezani na sefazolini imeisha. Utampa nini, na utarudia lini?” Akijibu ampisilini gramu 2, saa mbili, mstari unafanya kazi. Akianza kufuata kwa kidole akirudi juu kutafuta, kosa ni la mpangilio. Mara nyingi dawa ni kuondoa “kama juu” na kuandika maneno yote tena, hata karatasi ikijaa. Nimeziacha hapa kwa ajili ya nafasi, ukutani usiziache.

Kamati ikishapitisha, weka tarehe na namba ya toleo pembeni, na uandike ni nani ana nakala: thieta, wodi ya uzazi, wodi ya upasuaji, stoo. Chupa za gramu 1 zikibadilishwa kuletwa za miligramu 500, seli ya dozi imekuwa ya uongo siku hiyohiyo, kwani chupa 2 sasa ni gramu 1. Anayepokea dawa stoo ndiye wa kwanza kujua, kwa hiyo jina la cheo chake liwe kwenye karatasi kama mtu wa kupiga simu. Toleo jipya likifika, zunguka mwenyewe ukabandue la zamani, na usisahau lile lililowekwa plastiki ndani ya mlango wa kabati la dawa za usingizi.